Barua ya Mwalimu Iliyogongwa Muhuri

Baba yangu alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya ushirika hapo Songea, na kwa miaka kumi na minane hakuna barua iliyoingia ofisini mle bila kupita mikononi mwake. Aliipokea, akaigonga muhuri, akaipa namba, akaiweka kwenye jalada lake, na jalada akalipeleka kwa mkubwa anayehusika. Kisha yakaja mambo ya soko huria. Ushirika ukaanza kupungua kama sabuni kwenye maji, na mwaka niliofika darasa la saba wakampunguza na yeye. Alirudi nyumbani Msamala na sanduku la bati, majalada matupu sita, na muhuri wa IMEPOKELEWA ambao tarehe yake ilikuwa imekwama, hivyo kila ulichogonga kilipokelewa tarehe nne Machi.

Mwanamume mwenye muhuri na asiye na barua ni mtu wa hatari. Hilo tulikuja kulijua baadaye.

Miezi ya mwanzo alijishughulisha na banda la kuku. Kila kuku alikuwa na jalada lake. Mama, aliyekuwa akikaanga maandazi barazani na kuuza, alivumilia, kwa sababu kuku hawasomi. Lakini mwezi wa sita, baridi ilipoanza kutupiga sawasawa, mtu mmoja akafungua chumba cha fotokopi karibu na soko. Mashine ile ilikuwa habari ya mji. Watu walikwenda kuitazama tu. Na kitu cha kwanza alichouza yule bwana, baada ya fomu za kila aina, kilikuwa mafungu ya karatasi za mitihani iliyopita ya darasa la saba, yamebanwa pini kwenye kona. Baba aliyanunua yote. Aliingia nayo nyumbani ameyakumbatia kifuani.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, nami nimerithi jina la mama yake, "sasa tumepata nyenzo."

Tangu siku ile sebule yetu ilikufa. Jioni zetu, nieleze kidogo, zilikuwa jioni za kelele. Tulikuwa watu wanne tu, baba, mama, bibi mzaa baba na mimi, lakini tulipiga soga za watu kumi. Baba alikuwa hodari wa kuigiza wakubwa wake wa ofisini, hasa mmoja aliyekuwa akipiga chafya kabla ya kusaini. Bibi alicheka mpaka akalia. Hizo ndizo jioni nilizozijua, na nilidhani ni za kudumu.

Sasa saa kumi na mbili kamili meza ilivutwa katikati. Mkeka wa bibi ulisogezwa ukutani, naye akaambiwa kwamba yeye ni msimamizi msaidizi na msimamizi haongei. Mlango ulibandikwa karatasi: KIMYA, MTIHANI UNAENDELEA. Baba alisimama mbele yangu, kengele ya baiskeli mkononi, akanisomea masharti kana kwamba tupo watahiniwa mia mbili. "Hairuhusiwi kutazama kwa mwenzako," alisema. Nilitazama huku na huku kumtafuta mwenzangu. Alikuwepo paka.

Kriing, nageuza karatasi. Kriing, zimebaki dakika kumi. Kriing, kalamu chini. Mama alikatazwa kukaanga vitunguu kwa sababu harufu ya vitunguu, kwa maelezo ya baba, inamsumbua mtahiniwa. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alisimamishwa nje dakika arobaini, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alisimama. Bibi alizuiwa kukohoa. Alikuwa akichukua mkongojo wake, anatoka nje kukohoa, anarudi, na baba anaandika saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja kalamu nyekundu. Baba hakunielezea kitu. Aliweka kosa, akajumlisha, akanitangazia. "Kumi na tisa kwa hamsini." Mama alijibu kutoka jikoni kwamba hata maandazi hayaivi kwa kutangaziwa. Nami nililala na zile kumi na tisa.

Nitasema kweli: hisabati nilikuwa naipenda. Hapo kabla ningeweza kukaa na swali kama mtu anavyokaa na muwa. Lakini wiki tatu za kengele zilitosha. Hata shuleni, mwalimu akigawa karatasi yoyote iliyopigwa chapa, mguu wangu wa kulia ulianza kutikisika wenyewe, na namba zikanitoka kichwani moja baada ya nyingine. Siku moja mwalimu aliuliza swali la mdomo, saba mara nane. Nilisimama, nikataja namba yangu ya mtahiniwa ambayo baba alinitungia, na nikakaa. Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliniita pembeni akaniuliza jioni tunafanya nini nyumbani. Nikamwambia. Akawaita wengine wanne ambao wazazi wao nao walikuwa wamepita kwa bwana wa fotokopi, nao wakamwambia. Mmoja alisimamiwa na mjomba mgambo. Wiki ile ile mwalimu alichapa barua kwenye stensili, akaizungusha kwenye mashine ya kudurufu ya shule, na kila mwanafunzi wa darasa la saba akapewa nakala ya kupeleka nyumbani, ina wino unaochafua vidole.

Ninayo mpaka leo, ndiyo maana naweza kuinakili:

"Wazazi wapendwa, salaam. Nimesikia wengi wenu mmepata karatasi za mitihani iliyopita. Ni jambo jema na nawashukuru. Lakini naona darasani watoto wamechoka, na wengine wakiona karatasi tu mikono inatetemeka. Karatasi hizi ni za kujifunzia kwanza, kupima baadaye.

"Jioni msifanye karatasi nzima. Maswali matatu au manne yanatosha, nusu saa basi. Mtoto achague mwenyewe, na moja liwe lile analoliweza, ili aanze na moyo.

"Msiweke saa wala kengele. Mtihani wa kupimwa muda tutaufanya hapa shuleni ukikaribia ule wenyewe.

"Akikosa, msimpe alama. Mwambieni asimulie alivyofanya, na msimkatize. Kuna kukosa kwa kutojua, kuna kukosa kwa kusoma swali haraka, na kuna kuteleza tu kwenye hesabu. Kila kosa lina dawa yake, na mkishalijua ni lipi, mmemaliza nusu ya kazi. La kutojua nileteeni mimi.

"Msimkaririshe majibu. Swali la mwaka jana halirudi lilivyo. Njia ya kulifanya ndiyo inayorudi.

"Mzazi asiyejua hesabu asijitoe. Amwambie mtoto, nieleze na mimi nielewe. Anayefundisha ndiye anayeelewa. Na si aibu mzazi kukosa swali mbele ya mtoto wake.

"Mkianza kununiana, fungeni daftari, mle.

"Mwisho, mwambieni mtoto wenu, kwa maneno, kwamba matokeo yakiwa yoyote yale, hapo ni kwao. Msidhani kwamba anajua."

Nilimkabidhi baba barua ile nikiwa na furaha ya mfungwa aliyeletewa hati ya kuachiwa. Baba aliisoma amesimama. Akaisoma amekaa. Kisha uso wake ukachangamka kwa namna ambayo hatukuwa tumeiona tangu apunguzwe kazi. Alikwenda kwenye sanduku la bati, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga. IMEPOKELEWA, 4 MACHI. Tulikuwa mwezi wa saba.

"Huu ni waraka," alisema. "Lazima utekelezwe."

Akachukua penseli akaigawa barua ya mwalimu kwa vipengele, kuanzia kifungu cha pili. Kipengele cha kwanza mpaka cha saba. Akaifungulia jalada, akaandika juu yake kwa herufi kubwa. Mama alichungulia kutoka jikoni, akaona muhuri, akanitazama kwa huruma. Mama alikuwa ameolewa na masjala kwa miaka kumi na mitano. Alijua waraka ukishaingia kwenye jalada nini huupata.

Kesho yake utekelezaji ulianza, na siwezi kusema baba hakuufuata waraka. Aliufuata neno kwa neno. Waraka ulisema maswali manne. Akasema sawa, manne, kwa kila somo. Masomo yalikuwa manne, hivyo yakawa kumi na sita. Waraka ulisema nichague mwenyewe. Nilichagua nianze na lipi. Waraka ulikataza saa, basi saa ya ukutani ikavishwa kitambaa cha meza, na muda ukapimwa kwa sufuria ya maharage: yakichemka mara ya kwanza nigeuze karatasi, mama akiongeza maji imebaki nusu. Mama aliongeza maji kila alipopita ili kunisaidia, na wiki ile tulikula maharage yanayoelea. Kengele ilikatazwa. Baba akawa anakohoa. Bibi, aliyenyimwa kukohoa mwezi mzima, alimtazama mwanawe akikohoa kwa raha zake, akasema kitu kwa Kingoni ambacho sitakitafsiri.

Kalamu nyekundu ilistaafishwa. Ikaajiriwa ya kijani. Hakuandika alama tena. Aliandika "Imeonwa", na pembeni idadi ya zilizoonwa vibaya.

Na kile kipengele cha kusimulia? Hicho ndicho kilichonimaliza. Baba aliona kusimulia kwa mdomo hakuachi kumbukumbu. Kwa hiyo kwa kila swali nililokosa niliandika maelezo kwa maandishi, kwa nini nilikosa, nakala mbili, na karatasi ya kaboni katikati. Nina hakika mimi ndiye mtoto pekee wa mkoa wa Ruvuma aliyewahi kujieleza rasmi kuhusu kipeo cha pili.

Swali lililonitesa zaidi lilikuwa la treni. Treni iliondoka mji mmoja saa mbili asubuhi, umbali wa kilomita mia na themanini, mwendo wa kilomita arobaini na tano kwa saa, na njiani ilisimama nusu saa. Ilifika saa ngapi? Kila mara niliandika saa sita kamili. Kila mara baba aliandika "Imeonwa", na kila mara niliandika maelezo: "Ndugu Baba, nilikosa kwa sababu sikupata jibu." Jibu lilikuwa saa sita na nusu. Ile nusu saa ya kusimama nilikuwa naisoma na kuipita, kwa haraka ya maharage. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuiona treni. Songea haina reli. Lakini sikuruhusiwa kuiuliza treni lolote.

Baada ya wiki mbili baba aliandika taarifa. Alinipa niipeleke shuleni ndani ya bahasha: "YAH: UTEKELEZAJI WA BARUA YAKO. Husika na somo tajwa hapo juu. Vipengele vyote vimetekelezwa isipokuwa cha tano na cha saba, ambavyo vinaendelea kushughulikiwa." Alikuwa ameambatisha maelezo yangu, nakala ya pili.

Mwalimu aliisoma dirishani. Alisoma viambatanisho kimoja kimoja. Aliposhusha karatasi niliona mabega yake yanatikisika, sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakuwa na uhakika. Kisha akaifuta miwani.

"Mwambie baba nitapita leo jioni," alisema.

Sikumwambia. Niliogopa ataandaa ajenda.

Kwa hiyo mwalimu alipofika Msamala jioni ile, alikutana na karatasi ya KIMYA mlangoni, na bibi kwenye kigoda akilinda. Mimi nilikuwa ndani kwenye swali la tisa, lile lile la treni, nasikia kila kitu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huingii."

"Mimi ni mwalimu wake."

"Hata uwe askofu. Maharage hayajachemka mara ya pili."

Kisha nikasikia mwalimu anajivutia kigoda kingine. Wakaanza kunong'ona. Bibi alimweleza habari za treni, maana lile swali alikuwa amelisikia mara nyingi mpaka limemkera. "Wanasema ilisimama nusu saa. Sasa mwanangu, watu wamekaa garini tangu asubuhi, gari likasimama, wewe unadhani hawakushuka kununua mahindi? Nusu saa ni muda wa mtu kununua mahindi, akachagua, akagombana na muuzaji. Halafu huyu mjukuu wangu anaandika kana kwamba hawakula."

Nilisimamisha kalamu. Sijawahi tena, mpaka leo, kuisahau ile nusu saa. Nilifuta saa sita, nikaandika saa sita na nusu, nikacheka kwa sauti katikati ya mtihani. Baba alikohoa kwa ukali. Mwalimu akausukuma mlango.

Baba alipomwona aliruka kumpa kiti, akafungua jalada amwonyeshe. Mwalimu alilisifia jalada, na alilisifia kweli, alisema hata ofisi ya elimu haina jalada safi namna ile. Kisha akauliza kwa upole kipengele cha tano kimekwama wapi.

Cha tano kilikuwa cha mzazi kuelezwa na mtoto, na cha mzazi kukosa.

Baba alisema kipengele hicho kinahitaji maandalizi. Mwalimu alisema hakihitaji, akaniomba nitoke kwenye kiti changu. Akamwomba baba akae. Baba alicheka, akatutazama, akaona hakuna anayecheka, akakaa. Magoti yake yaligonga meza. Mwalimu akachagua swali moja katika yale mafungu: shamba la mstatili lina mzingo wa mita mia na ishirini, urefu wake ni mara mbili ya upana, tafuta eneo lake. Akavua kile kitambaa kwenye saa ya ukutani, akasimama nyuma ya baba, akakohoa.

Mama alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko. Baba alishika kalamu, akaandika mia na ishirini, akaipigia mstari. Akaipigia mstari wa pili. Niliinamisha macho chini ya meza, na hapo nikaona mguu wa baba wa kulia unatikisika.

Nilikuwa na hasira naye miezi miwili mizima, na zote ziliniishia pale.

"Nalijua hili," alisema baba. "Limenitoka tu."

"Na yeye hulijua," alisema mwalimu. "Humtoka tu."

Baba aliandika haraka: upana arobaini, urefu themanini, eneo mita za mraba elfu tatu na mia mbili. Akaweka kalamu chini kwa fahari iliyokuwa na wasiwasi ndani yake. Mwalimu hakusema ndiyo wala siyo. Alinitazama mimi. "Mwulize amefanyaje."

"Baba, umefanyaje?"

"Nimegawanya mia na ishirini kwa tatu. Upana fungu moja, urefu mafungu mawili. Ni tatu."

Alikuwa ameeleza vizuri kabisa, na kosa lilikuwa limekaa pale peupe kama kuku mezani. Nilisogea karibu yake. "Baba, mzingo ni kuzunguka shamba lote. Wewe umetembea upana mmoja na urefu mmoja, ukarudi nyumbani. Zimebaki pande mbili."

Baba aliitazama karatasi.

"Tangu utoto wake," alisema bibi kutoka mlangoni, "huyu nikimtuma kupalilia hupalilia pande mbili, anakuja kula."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, mwiko ukamwanguka. Baba alijaribu kukaza uso, akashindwa, akapiga chafya ile ya mkubwa wake, na jioni zetu zikarudi sebuleni zote kwa mkupuo. Nilimfundisha: mafungu sita, upana ishirini, urefu arobaini, eneo mia nane. Alinifuatilia kwa kidole. Alipomaliza akanong'ona, si kwangu, bali kwenye karatasi, kwamba mtihani wake mwenyewe wa zamani, ule uliomzuia kuendelea, ulikuwa na swali kama hili. Alikuwa amelibeba tangu hapo. Kisha akachukua kalamu ya kijani akaandika pembeni ya kipengele cha tano: "Kimetekelezwa."

Mwalimu alikula nasi maharage. Yalikuwa na maji mengi, akaomba kijiko.

Baada ya hapo ikawa maswali matatu. Nilichagua mimi, bibi akatoa maoni. Bibi alikuwa na maoni juu ya kila swali. Swali la mabomba mawili yanayojaza tangi na moja linalotoa maji alilikataa moja kwa moja. Alisema mtu anayefungua bomba la kutoa maji Msamala, ambako maji yanakuja siku mbili kwa wiki, apelekwe polisi. Nililifanya hivyo hivyo, na nililielewa. Yale ya kutojua nilimpelekea mwalimu. Zikafika siku tunanuniana, basi tukafunga daftari, tukala. Mguu wangu ulitulia wenyewe, sikumbuki ni lini.

Kilibaki kipengele cha saba. Mwalimu alikuwa ameandika wazi kwamba kisemwe kwa maneno, na baba yangu, mtu aliyeweza kuandikia kuku barua, hakuwa na uwezo wa kusema neno kama hilo kwa mdomo. Nilimwona akijaribu. Aliwahi kunifuata mpaka kisimani, akasimama, akasema ndoo inavuja, akarudi. Haikuwa inavuja.

Asubuhi ya mtihani, nikiwa nimevaa sare iliyopigwa pasi na mama mara mbili, baba alinikabidhi bahasha. Ilikuwa na muhuri. 4 Machi. Niliisoma njiani.

"Kwa Mtahiniwa. YAH: MATOKEO. Rejea barua ya Mwalimu wako, kipengele cha 7. Unaarifiwa kwamba matokeo yakiwa yoyote yale, hapa ni kwenu. Uamuzi huu ni wa kudumu na hauna rufaa. Nakala: Bibi. Mama. Jalada."

Niliikunja mara nne, nikaichomeka kwenye soksi isipotee. Sikufikiria zaidi ya hapo. Mlangoni walitupekua mifuko, hawakupekua soksi, na mimi nilishasahau kwamba naingia na karatasi kwenye mtihani wa taifa. Nilikumbuka katikati ya hisabati, niliposoma swali la basi lililosimama robo saa njiani. Nikatabasamu, nikainama kujikuna kifundo, na kona ya bahasha ikachungulia.

Msimamizi alikuwa mwalimu wa shule nyingine, mfupi, mkavu, hajatabasamu tangu asubuhi. Alikuja mpaka kwenye dawati langu. Akanyoosha mkono. Sote tulijua anayekamatwa na karatasi matokeo yake yanafutwa. Nilimpa.

Aliifungua. Aliisoma. Aliigeuza nyuma kutafuta kanuni za hisabati, hakuziona. Akaisoma tena, taratibu, na nikaona macho yake yamesimama kwenye ule mstari wa nakala.

"Jalada liko wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kabatini, juu ya redio."

Alikwenda kuiweka kwenye meza yake ya mbele, akaifunika na daftari la mahudhurio. Nilirudi kwenye basi langu, nikaikumbuka ile robo saa, nikawapa abiria mahindi. Nilipotoka alinirudishia. "Siku nyingine, iache nyumbani," alisema. Kisha akaongeza, "Mwambie baba yako nimeisoma."

Matokeo yalibandikwa miezi mingi baadaye. Baba alikwenda kuyatazama peke yake, kwa baiskeli. Siku zile karatasi za ubaoni hazikusema nani alikosa nini. Zilitaja tu waliochaguliwa, na walikuwa wachache. Alirudi anaisukuma baiskeli kwa mkono, ingawa haikuwa na pancha. Aliiegemeza ukutani kwa uangalifu mkubwa. Akaingia. Mama, bibi na mimi tulikuwa sebuleni, tumekaa kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Alinitazama. Niliona anatafuta maneno, na nikajua tayari kwamba jina langu halimo.

"Rejea barua yangu," alisema.

Bibi hakujua kusoma, ingawa nakala yake aliitunza chini ya mto. "Inasemaje?" aliuliza.

Baba alifungua mdomo. Akafunga. Kisha akasema yote, kwa mdomo wake mwenyewe, bila karatasi, pamoja na namba ya kipengele.

Mama akainuka kwenda kupakua ugali. Nilipoweza kunyanyua macho, baba alikuwa tayari kabatini, amelishusha jalada, anatafuta ile kalamu ya kijani.